Koti Lililobaki Kwenye Karatasi

Tarehe 30 Oktoba 2008, wakaguzi wa usalama wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kile kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha UCLA, waliingia katika maabara moja ya kemia wakiwa na fomu zao. Walipotoka walikuwa wameandika makosa zaidi ya 12. Vimiminika vinavyoshika moto upesi vilikuwa vimewekwa pasipofaa, na watu walikuwa wakifanya kazi bila makoti ya maabara. Maabara ikapewa hadi tarehe 5 Desemba iwe imerekebisha.

Tarehe 5 ikafika, ikapita. Tarehe 29 Desemba, siku 24 baada ya muda huo kwisha, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23, Sheri Sangji, alishika moto katika maabara hiyohiyo. Alikuwa amevaa glavu nyembamba na sweta la nyuzi za kiwandani. Koti hakuwa amevaa. Alifariki tarehe 16 Januari 2009, baada ya siku 18 katika kituo cha kutibu majeraha ya moto.

Tangu hapo kisa hiki kimekuwa somo katika maabara nyingi za dunia, na si kwa sababu ya ukali wa moto peke yake. UCLA ilikuwa na kanuni ya makoti. Ilikuwa na wakaguzi, na wakaguzi hao waliliona kosa miezi miwili kabla, wakaliandika na kuliwekea tarehe. Kilichokosekana ni kitu kidogo kati ya kuandika na kuvaa, na hicho ndicho sera nyingi za usalama hukosa: mtu mwenye mamlaka ya kusema kazi hii haianzi mpaka koti livaliwe.

Ili kuelewa kwa nini koti lilikuwa na uzito huo, ni lazima kuangalia kazi yenyewe. Sangji alikuwa akihamisha kemikali iitwayo tert-butili-lithiamu, iliyoyeyushwa ndani ya pentani, kutoka kwenye chupa yake kwenda kwenye chombo cha kufanyia jaribio. Butili-lithiamu ziko za aina kadhaa, na hii ndiyo kali kuliko nyingine. Haihitaji kiberiti. Ikigusa hewa tu, inawaka. Pentani inayoibeba nayo ni kimiminika chepesi kinachotoa mvuke haraka na kushika moto kwa urahisi, hivyo tone linaloangukia meza huwaka pamoja na kibebeo chake.

Kwa sababu hiyo kemikali hii haimiminwi. Chupa huwa imezibwa kwa kizibo cha mpira, na ndani yake husukumwa gesi isiyoungua, kama nitrojeni au agoni, ili hewa isipate nafasi. Mwenye kazi huchoma sindano ndefu kupitia mpira, na msukumo wa gesi humsaidia kupandisha kimiminika polepole hadi ndani ya sirinji. Watengenezaji wa kemikali hizi wanashauri sirinji iwe na ujazo walau mara mbili ya kiasi kinachovutwa. Sababu yake ni ya kimakanika kabisa. Sirinji iliyojaa hadi karibu na mdomo wake wa nyuma inaacha kisukumio, kile kijiti kinachovutwa kwa vidole, kikiwa kimeshikiliwa na sehemu fupi mno ya bomba, na mvuto mdogo tu unaweza kukichomoa. Kiasi kikiwa kikubwa, sirinji huachwa kabisa, na badala yake hutumika mrija mrefu wa chuma unaounganisha chupa mbili, gesi ndiyo inayosukuma.

Siku ile Sangji alihitaji mililita zipatazo 160. Alikuwa amewahi kufanya kazi ya namna hiyo mara moja mwezi Oktoba, kwa kiasi kilichokuwa karibu theluthi moja tu ya hicho. Alikuwa na sirinji ya plastiki ya mililita 60 na sindano fupi, na alikusudia kuvuta kwa awamu tatu. Hesabu yenyewe inaonyesha hatari: kila awamu ilikuwa na mililita 50 na kitu, ndani ya sirinji ya 60. Katikati ya kazi kisukumio kilichomoka. Kimiminika kikamwagika, kikawaka, na karibu yake palikuwa na chombo cha wazi chenye heksani, kimiminika kingine kinachoungua upesi, ambacho nacho kilimwagika na kuongeza moto.

Sasa tazama nguo zake. Glavu alizovaa ni zile nyembamba za nitraili zinazotupwa baada ya matumizi. Glavu hizo zinafaa dhidi ya matone ya kemikali nyingi, lakini mbele ya moto hazina msaada. Sweta nalo lilikuwa la nyuzi za sintetiki, na nyuzi za namna hiyo huyeyuka zinapoungua, zikaganda juu ya ngozi na kuendelea kuichoma hata baada ya mwali kuzimwa. Koti la pamba nzito lingempa muda wa kulivua na kulitupa. Koti la kitambaa kinachokinza moto lingempa muda zaidi, kwa kuwa kitambaa hicho hukataa kuendelea kuungua chanzo cha moto kikiondoka.

Mtafiti mwenzake aliyekuwa karibu alikimbilia kumsaidia. Alijaribu kumzima kwa kumfunika kwa koti lake mwenyewe la maabara. Yaani koti lilikuwemo mle ndani, mwilini mwa mtu mwingine. Bafu la dharura, lile bomba kubwa la juu linalofunguliwa kwa kuvuta mnyororo na kumwaga maji mengi kwa mkupuo, lilikuwa jirani. Hakuna aliyelitumia. Mtu anayewaka hukimbia bila kuchagua upande, na mwenzake ambaye hajawahi kufanya zoezi la kumvuta mtu hadi bafuni hushika kilicho karibu na mkono wake. Ndiyo maana mwongozo unaofuatwa Marekani unataka bafu hilo lifikiwe kwa sekunde 10 hivi za mwendo, bila mlango uliofungwa wala maboksi njiani, na ndiyo maana zoezi ni sehemu ya kinga sawa na koti.

Ilikuwa Jumatatu kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Chuo kilikuwa likizoni.

Mtu anaweza kusema kosa ni la aliyekuwa ameshika sirinji: alijua kanuni, hakuvaa koti. Hoja hiyo husikika baada ya ajali karibu zote, kiwandani, gereji hata jikoni hotelini, na ina mvuto kwa sababu inafunga mjadala haraka. Wakala wa usalama kazini wa California haukuikubali. Mwezi Mei 2009 uliitoza UCLA faini ya dola 31,875 kwa makosa matatu mazito. La kwanza, hapakuwa na kumbukumbu kwamba mfanyakazi huyu alifundishwa kazi hiyo hatari. La pili, hali mbaya iliyokwisha kuonekana na kuandikwa haikurekebishwa. La tatu, mwajiri hakuhakikisha kwamba watu wanavaa kinga inayostahili.

Neno la kushika hapo ni kuhakikisha. Kununua makoti na kuyatundika mlangoni hakutoshi, na kubandika tangazo ukutani hakutoshi. Anayeendesha mahali pa kazi anadaiwa matokeo, kwamba koti liko mwilini wakati kemikali iko mkononi. Na lile kosa la pili, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo zito kuliko yote matatu, kwa kuwa fomu ya ukaguzi iliyojazwa kisha ikaachwa hugeuka ushahidi dhidi ya wenyewe. Kabla ya tarehe 30 Oktoba chuo kingeweza kudai hakikujua. Baada ya siku hiyo kilijua, kwa maandishi.

Faini haikuwa mwisho. Tarehe 27 Desemba 2011 ofisi ya mwendesha mashtaka wa wilaya ya Los Angeles ilifungua mashtaka ya jinai, matatu dhidi ya bodi ya chuo kikuu na matatu dhidi ya profesa mkuu wa maabara, Patrick Harran, kwa madai ya kukiuka kwa makusudi kanuni za afya na usalama kazini. Wasomi wengi walishtuka. Walikuwa wamezoea kuona ajali ya maabara ikiishia kwenye barua ya onyo au faini, na sasa profesa alikabiliwa na uwezekano wa kufungwa hadi miaka minne na nusu. Harran aliyakana mashtaka, na upande wake ulishikilia kwamba Sangji alikuwa mkemia aliyefunzwa vya kutosha kwa kazi ile. Ubishi huo haukuwahi kuamuliwa na mahakama, kwa kuwa kesi haikufika kusikilizwa hadi mwisho.

Mwezi Julai 2012 mashtaka dhidi ya bodi yalifutwa kwa makubaliano. Chuo kilikubali kuwajibika kwa hali ya maabara ile, kikaahidi kuendesha mpango wa usalama wenye masharti yaliyoandikwa, na kikatenga dola 500,000 kwa ajili ya ufadhili wa masomo ya sheria kwa jina la Sangji, ambaye alikuwa na nia ya kusomea uwakili. Juni 2014 Harran naye alifikia makubaliano. Hakukiri kosa, lakini alipaswa kufanya saa 800 za kazi ya kijamii, kufundisha kemia vijana wa maeneo ya kipato cha chini, na kulipa dola 10,000 kwa kituo kilichomtibu Sangji. Mwaka 2018 mashtaka yake yalifutwa rasmi.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo husahaulika kisa hiki kinaposimuliwa. Mlango wa kesi yote hii ulifunguka kwa sababu Sangji alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Sheria za kazi za California zilimlinda kama mfanyakazi. Mwanafunzi asiyelipwa, akiwa amesimama meza ileile na kushika sirinji ileile, asingekuwa chini ya ulinzi huo. Chuo, karakana ya ufundi au shule inayoandika sera yake na kutaja wafanyakazi tu, huwa imewaacha nje wale walio wengi zaidi ndani ya chumba na wenye uzoefu mdogo zaidi.

Baada ya kifo kile UCLA ilibadilisha mambo kadhaa yanayoonyesha sera inayofanya kazi inafananaje. Ilinunua makoti yanayokinza moto kwa wanaoshughulika na kemikali zinazowaka zenyewe, ikaongeza ukaguzi, na ikafupisha muda unaotolewa kurekebisha makosa mazito. Kanuni iliyofuata kwa kampasi zote za Chuo Kikuu cha California ilitaja mavazi kwa undani: suruali au nguo inayofunika mguu mzima, viatu vilivyofungwa mbele, miwani ya kinga, na koti la aina inayolingana na hatari. Makoti hutolewa bila malipo, na kufuliwa ni kazi ya chuo. Hilo la kufua linaonekana dogo, kumbe lina uzito wake. Mtu akiachiwa kufua koti lake mwenyewe, atalipeleka nyumbani na kulitumbukiza kwenye beseni moja na nguo za watoto, kemikali zikiwa bado kwenye mikono yake. Au atachoka kulifua, liwe chafu, aache kulivaa.

Undani huo una sababu nyingine. Kanuni isemayo tu "vaa glavu" inaweza kuua mtu aliyeitii. Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, aliangusha matone machache ya zebaki ya dimethili kwenye glavu yake. Alikuwa amefuata tahadhari zilizojulikana wakati ule, akavaa glavu za lateksi. Miezi kadhaa baadaye alianza kupoteza mizani ya mwili na usemi, na Juni 1997 akafariki. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba kemikali hiyo hupenya glavu nyepesi za lateksi kwa sekunde 15 au chini yake. Kwa hiyo kila glavu inayotajwa kwenye sera inahitaji kutajwa kwa malighafi yake, na kwa kemikali inayokusudiwa.

Afrika Mashariki nayo haikosi sheria. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA. Kenya ina yake ya mwaka 2007, na ugawaji wake wa wajibu unastahili kusomwa na kila mwenye karakana. Kifungu cha 101 kinamtaka mwajiri atoe na kutunza mavazi ya kinga yanayofaa kwa wanaokutana na vitu vyenye madhara, pamoja na glavu, viatu na miwani panapohitajika. Kifungu cha 13 kinamgeukia mfanyakazi: akipewa kinga, anapaswa kuivaa. Adhabu zake hazilingani. Mfanyakazi anayekiuka anaweza kutozwa hadi shilingi 50,000 za Kenya, ilhali anayeendesha mahali pa kazi, akishindwa kutimiza wajibu wake wa jumla chini ya kifungu cha 6, anaweza kutozwa hadi shilingi 500,000. Mara kumi. Wabunge walijua nani ana uwezo wa kununua, kupanga zamu na kusimamisha kazi.

Na kifungu cha 14 kinagusa palepale UCLA ilipojikwaa. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu anapaswa kumjulisha msimamizi wake, na hadi hatari hiyo iondolewe hatakiwi kurudishwa mahali pale. Kwenye karatasi, basi, fundi wa maabara ya shule anayo haki ya kukaa nje ya chumba chenye hatari. Ila haki hiyo humtegemea fundi ambaye mara nyingi ni kijana wa mkataba, na anayepaswa kumwambia "hapana" ni mwalimu mkuu wa sayansi. Sera ya taasisi ndiyo inayoweza kumwekea mgongo, ikimtaja kwa cheo chake kwamba ndiye anayefunga chumba.

Chukua kanuni inayopatikana kwenye kuta nyingi: "Wote wanapaswa kuvaa vifaa vya kinga vinavyofaa. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali." Haisemi vifaa gani, vinafaa kwa kazi gani, nani anavinunua, nani anaamua kwamba mtu amekaidi, wala hatua kali ni ipi. Kila mtu anaweza kuivunja bila kujua na kila mkubwa anaweza kuitumia kumuonea amtakaye. Ikiandikwa upya kwa ajili ya kazi moja tu, tuseme kuzimua asidi ya salfuriki kwenye maabara ya shule, ingekuwa hivi: anayezimua huvaa miwani inayoziba pande zote, glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko na koti la pamba lenye vifungo vyote vimefungwa. Asidi humiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Shule hununua na kufua. Fundi wa maabara hukagua kabla chupa haijatoka kabatini, na ufunguo wa kabati hukaa kwake. Asiyekuwa na kimojawapo hapewi chupa, awe mwanafunzi au mwalimu. Mwanafunzi akivua kinga kazi ikiendelea, hutolewa nje siku hiyo na jina huandikwa. Ikitokea mara ya pili, hawezi kurudi kabla ya kufundishwa upya. Kosa la chumba, kama bomba la kunawia macho lisilotoa maji, likiandikwa kwenye daftari, kazi ya asidi husimama hadi litengenezwe, na aliyetengeneza aweke sahihi na tarehe.

Ndani ya hayo, adhabu kubwa kuliko zote ni kufungwa kwa kabati, na haimsubiri mtu avunje mara tatu. Inafanya kazi kabla ya ajali. Fedha na barua za onyo huja baadaye sana, kama dola 31,875 zilivyokuja miezi minne baada ya mazishi.

Kuhusu koti lenyewe, liko jaribio ambalo fundi yeyote anaweza kulifanya kabla ya kununua kwa jumla, maana mengi yanayouzwa madukani kama makoti ya maabara ni pamba iliyochanganywa na poliesta. Chomoa uzi mmoja mshononi, ushike kwa koleo mbali na mwili juu ya sinki, uuwashe. Pamba tupu huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na jivu lake husagika kati ya vidole likishapoa. Poliesta hujikunja, hudondosha matone yanayowaka na kuacha kidonge kigumu cheusi kisichosagika. Mchanganyiko huacha vyote viwili, jivu lenye punje ngumu ndani yake. Punje hizo ndizo zingebaki juu ya ngozi.